Kuondoa “very”, “really” na “basically” kwenye Kiingereza cha kazini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wanaoongea Kiswahili siku nzima lakini kazi inawalazimu kuandika Kiingereza: ripoti za mradi, barua za kuomba kazi, imeili za kwa wateja na wafadhili. Maandishi ya aina hiyo ndiyo ninayohariri, na maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa nikirudisha kazi ya mtu ikiwa imejaa wino mwekundu.

Tunazungumzia maneno gani hasa?

Makundi mawili, na watu huyachanganya. Kundi la kwanza ni maneno ya kukoleza: “very”, “really”, “so”, “extremely”, “highly”. Yanakaa mbele ya neno la sifa na kudai kwamba sifa hiyo imezidi. Kundi la pili ni maneno ya kujazia: “basically”, “actually”, “just”, “literally”, “honestly”. Haya hayakolezi chochote, yanampa mwandishi nafasi ya kuvuta pumzi kabla hajasema alichotaka kusema. Sisi nasi tunayo ya kwetu: “yaani”, “kiukweli”, na ile “kimsingi” ambayo msemaji akiwekewa kipaza sauti mbele ni lazima aanze nayo.

Nayatenganisha kwa sababu hayatibiwi kwa njia moja. Neno la kujazia mara nyingi unalifuta na sentensi haipungukiwi kitu. Neno la kukoleza likifutwa hivi hivi huacha pengo, kwa sababu mwandishi kweli alikuwa na jambo la kusema kuhusu kiwango, ila hakulisema.

Kwa nini “very” linapunguza nguvu wakati kazi yake ni kuiongeza?

Kwa sababu linaahidi kipimo halafu halikitoi. Ukiandika “the road is very bad”, msomaji anajua tu kwamba barabara haikukupendeza. Hajui kama pikipiki inapita, kama lori la tani saba linapita, au kama watu wanashuka na kutembea. Mtu wa Nairobi na mtu wa Kigoma vijijini wakisoma maneno hayo hayo, kila mmoja atapata picha ya barabara yake.

Kuna na hasara ya pili ambayo haionekani upesi. Ripoti ikiwa na “very important” mahali panane, basi pale utakapoandika “important” peke yake msomaji ataanza kujiuliza kwa nini hili halikupewa “very”. Umeshusha thamani ya neno zima la sifa ndani ya ripoti yako mwenyewe.

Neno hili halikuanza hivyo. Lilitoka kwenye Kifaransa cha kale, “verai”, likiwa na maana ya kitu cha kweli, na Kiingereza bado kina mabaki yake katika “the very man”, yaani mtu yule yule hasa. “Really” nalo lilianzia kwenye ukweli. Neno la kuapia ukweli likitajwa kila dakika huchakaa, watu wakashika jingine, nalo likachakaa.

Nimeona jedwali mtandaoni: “very tired” ni “exhausted”, “very angry” ni “furious”, “very hungry” ni “starving”. Nilikariri?

Usilikariri. Jedwali hilo linasambaa sana na ndilo linaloniongezea kazi kuliko “very” lenyewe, kwa sababu linamfundisha mtu kubadilisha neno bila kubadilisha taarifa.

Chukua “very important”, ambalo kwenye majedwali mengi hugeuzwa kuwa “crucial”. Maneno hayo mawili hayalingani. Kitu kilicho “crucial” ni kile ambacho kisipokuwepo jambo zima linakwama. Ukiandika kwamba viburudisho vya mapumziko ya chai vilikuwa “crucial” kwa mafunzo, umesema kwamba bila maandazi mafunzo yasingefanyika. “Furious” ni hasira ya mtu anayekaribia kupiga meza. Mteja aliyeandika imeili ya malalamiko kwa lugha ya kistaarabu hayuko huko. Na “starving” kwenye mazungumzo ni mzaha wa mtu aliyechelewa chakula cha mchana, ila kwenye ripoti ya msaada wa chakula ni watu wanaokaribia kufa kwa njaa. Hapo si suala la mtindo tena, umetoa taarifa isiyo ya kweli.

Neno kali ni sahihi pale tu linapotaja hali ile ile uliyoiona. Muuguzi aliyetoka zamu ya saa kumi na sita na kusinzia akiwa amesimama ni “exhausted”, bila ubishi. Aliyepiga miayo mkutanoni ni “tired”, basi.

Sasa badala ya “very” niweke nini?

Jiulize swali moja kila unapolikuta: *nilijuaje?* Kama uliandika “very successful”, nini kilikufanya useme hivyo? Jibu la swali hilo ndilo linalotakiwa kukaa kwenye sentensi. Nitaonyesha kwa aya niliyoitunga kwa mfano wa ripoti za vikundi vya kuweka na kukopa ambazo hupita mezani kwangu:

> The training was very successful and the participants were really happy. Basically, most of the groups are now able to keep their records very well, although there are actually some few challenges which are quite serious. Attendance was very good despite the very heavy rains.

Tuanze na “very successful”. Mafunzo yalikuwa ya kutunza kumbukumbu za fedha, kwa hiyo mafanikio yake yanaonekana kwenye madaftari. Tuseme vikundi vilikuwa 24, na afisa alipovitembelea baadaye akakuta daftari la fedha linalolingana na fedha taslimu kwenye vikundi 19. Hiyo ndiyo “successful”, na hapo hapo imekula “most of the groups” na “very well”, kwa sababu zote tatu zilikuwa zinasema jambo moja kwa kurudiarudia.

“Really happy” nimeitupa. Washiriki wa mafunzo yenye posho na chakula hufurahi karibu kila mara, na mfadhili anajua.

“Some few challenges which are quite serious” ndiyo sehemu yenye maana kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyofichwa zaidi. Angalia jinsi maneno yanavyovutana: “some few” inapunguza, “quite serious” inaongeza, na “actually” inaomba radhi kwa kutaja. Mwandishi aliogopa kusema. Ukimuuliza atakwambia vikundi vitano vilivyobaki havina mweka hazina anayejua kusoma, na madaftari yao yamekaa bila kuandikwa tangu Aprili. Hilo ni tatizo ambalo mfadhili anaweza kulitatua akiambiwa.

Zimebaki mahudhurio na mvua. Daftari la mahudhurio lipo, basi lisomwe. “Very heavy rains” haimhusu msomaji mpaka ajue ilizuia nini. Aya inakuwa hivi:

> Of the 24 groups trained, 19 now keep a cash book that balances. The other five have no treasurer who can read, and their books stopped in April. Attendance stayed above 80 percent, even in the two weeks when rain closed the road.

Ya kwanza ilikuwa na maneno 45, hii ina 43. Natilia mkazo jambo hilo kwa sababu watu hudhani kuondoa maneno haya ni kufupisha. Wakati mwingine urefu unabaki ule ule, na nafasi iliyokuwa imekaliwa na hewa inapata taarifa.

Na kama sina takwimu?

Huhitaji takwimu, unahitaji kitu kinachoonekana. “The dispensary is very poorly equipped” inaweza kuwa “The dispensary has no fridge, so vaccines come by motorcycle on clinic days.” Hakuna asilimia hata moja hapo, lakini msomaji ameona zahanati.

Kama hukuona kwa macho yako, taja aliyekwambia: “The chairperson said…”. Na kama kweli hujui zaidi ya kwamba jambo lilikuwa baya, andika “bad” peke yake. “Very” haliwezi kujazia usichokijua, na mhariri yeyote mzoefu huona kwamba linapojaa ndipo mwandishi hakufika eneo la tukio.

Je, kuna mahali ambapo “very” ni kosa la sarufi kabisa?

Ndiyo, na sisi wa Kiswahili tunaangukia hapo kwa sababu ya “sana”. Kiswahili kinaweka “sana” karibu popote: bora sana, afadhali sana, napenda sana. Kiingereza hakimpi “very” uhuru huo. Ukilinganisha vitu viwili, huwezi kuandika “very better”. Ni “much better” au “far better”. Ukielezea kitenzi, huwezi kuandika “I very like it”. Ni “I like it very much”.

Kisha kuna sifa ambazo tayari zimefika mwisho. “Excellent”, “perfect”, “impossible”, “essential” hazina ngazi ya juu ya kupanda, ndiyo maana “very excellent” inachekesha masikioni mwa mzawa wa lugha. Kama lazima ukoleze, sifa hizi zinakubali “absolutely” au “completely”. “Unique” inabishaniwa: wapo Waingereza wengi tu wanaosema “very unique” kwa maana ya kitu adimu. Mimi naifuta kila nikiikuta, kwa kuwa msomaji mkali atakukamata nayo na huna unachopoteza kwa kuiacha.

Jingine ni “too”. Kwa kuwa “mno” yetu inaweza kuwa sifa njema, mtu anaandika “Your team is too good” akiwa na nia ya kusifu. “Too” la Kiingereza kwa kawaida linabeba lawama, kwamba kitu kimezidi hadi kimeharibu. Mteja ukimwandikia “your price is too fair” ataisoma mara mbili akitafuta kejeli.

“Basically” nalifuta kila mara?

Karibu kila mara. Lina kazi moja halali: kumwambia msomaji kwamba unarahisisha na kwamba maelezo kamili yana mikunjo zaidi. Mhandisi anayemweleza mhasibu jinsi pampu ya sola inavyofanya kazi anaweza kuandika “Basically, the panel drives the motor directly and there is no battery”, kisha aendelee na kidhibiti na mengineyo. Hapo limestahili nafasi yake.

Kipimo ni rahisi. Baada ya sentensi yenye “basically”, je, kuna maelezo ya undani yanayofuata? Kama hayapo, ulikuwa unajiandaa kuongea tu. “Basically, we did not receive the payment” inamwacha mtu akijiuliza kama mmepokea nusu.

Bosi anasema imeili zangu zina kiburi, na mwingine anasema zinajidunisha. Inawezekanaje yote mawili?

Angalia “actually” na “just”. Nimeziona zote mbili kwenye imeili moja, na kila moja inavuta upande wake.

“Actually” likianza sentensi huashiria kwamba aliyetangulia kusema amekosea. Mteja akiuliza ripoti iko wapi, nawe ukajibu “Actually, I sent the report on Monday”, umemwambia kwamba hasomi imeili zake. Inawezekana ndivyo, lakini pengine hukukusudia kumsuta. “I sent the report on Monday, here it is again” inasema ukweli ule ule na inamwondolea aibu.

“Just” linafanya kinyume. “I just wanted to ask if you could maybe look at the invoice” ni mtu anayebisha hodi na kurudi nyuma hatua tatu. Kwetu kuzunguka kabla ya kuomba ni adabu, na sioni sababu ya kuiacha adabu hiyo. Kiingereza kinaiweka tu mahali pengine, kwenye “please”, kwenye “could you”, na kwenye sababu ya ombi. Kwa hiyo: “Could you please approve the invoice by Thursday? The supplier delivers on Friday.” Ni heshima, na mtu anajua afanye nini na lini.

“Honestly” nalo liangalie. Ukiliweka kwenye sentensi ya tatu, msomaji anaanza kuzitilia shaka mbili za kwanza.

“Quite” ni la kukoleza au la kupunguza?

Inategemea msomaji yuko wapi, na hilo ndilo balaa lake. Kwa Mwingereza, “quite good” kwa kawaida ni nzuri kiasi, afadhali, si haba. Kwa Mmarekani ni sifa yenye uzito zaidi, karibu na “very good”. Lakini Mwingereza huyo huyo akisema “quite impossible” anamaanisha haiwezekani kabisa, kwa sababu neno linalofuata halina ngazi.

Sasa fikiria barua ya kumpendekeza mtu kazini, iliyoandikwa Arusha na mtu aliyefundishwa Kiingereza cha Uingereza, ikasomwa Boston au Leeds. “Her work was quite good” inaweza kumpa kazi au kumnyima. Kwenye barua za namna hiyo silitumii kabisa.

Kuna mahali ambapo sitakiwi kuligusa “very”?

Pako, na hapa ndipo wahariri wapya huharibu.

Kwanza ni pale ambapo “very” limepewa kipimo rasmi. Soma karatasi ya maelezo ndani ya boksi la dawa iliyosajiliwa Ulaya. “Very common” kwenye orodha ya madhara ina maana maalumu: inampata angalau mtu 1 kati ya 10. “Common” ni chini ya hapo hadi 1 kati ya 100. Na “very rare” ni chini ya mtu 1 kati ya 10,000. Ukifuta “very” hapo kwa sababu ya mtindo, umebadilisha taarifa ya dawa. IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, nalo lina ngazi zake: “likely” ni uwezekano wa asilimia 66 hadi 100, “very likely” ni 90 hadi 100. Ukinukuu ripoti yao, nukuu neno kwa neno. UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, pia wakiandika “very high human development” wanazungumzia nchi ambazo kipimo chao cha maendeleo ya binadamu ni 0.800 na kuendelea.

Pili ni kwenye ukanushi. “The results are not very clear” na “the results are not clear” ni habari mbili tofauti. Ya kwanza inasema kuna mwanga kidogo.

Tatu ni “the very same day” na jamii yake, ambapo neno linafanya kazi yake ya kale ya kuonyesha kitu chenyewe hasa. Na maneno ya mtu aliyenukuliwa yaache kama alivyoyatamka.

Nitayapataje yote kwa haraka kwenye hati ndefu?

Kwenye Word, fungua dirisha la kutafuta na uweke alama kwenye “Find whole words only”. Usipofanya hivyo, ukitafuta “very” utaletewa “every”, “delivery” na “recovery”, na ukitafuta “just” utapata “adjust” na “justice”. Ukiwa na faili la maandishi matupu kwenye Linux au Mac, amri hii inakuonyesha kila mstari na namba yake:

```
grep -n -i -w -E "very|really|basically|actually|quite|just" ripoti.txt
```

Usibonyeze “Replace All” kuyafuta kwa mkupuo. Mbali na mitego niliyotaja juu, kuna wa herufi: “a very important meeting” itageuka “a important meeting”, na sasa umeondoa udhaifu ukaweka kosa. Utajua mtu alifuta kwa mashine ukikuta “a old” na “a urgent” zimetapakaa ukurasa mzima, pamoja na nafasi mbili mbili kati ya maneno.

Mimi hupita mara moja baada ya rasimu kukamilika, kamwe si wakati wa kuandika. Ukijizuia wakati wa kuandika utakwama kwenye sentensi ya pili.

Na kwenye kuongea, kama usaili wa kazi?

Huko punguza wasiwasi. Mwaka 2002 watafiti Herbert Clark na Jean Fox Tree walionyesha kwamba hata “uh” na “um” zina kazi: wazungumzaji wa Kiingereza hutoa “uh” wakikaribia kusita kidogo na “um” wakikaribia kusita zaidi, na hivyo msikilizaji anajua asubiri. Maandishi hayana haja ya ishara hiyo kwa sababu msomaji hakuoni ukifikiri. Kinachochosha kwenye usaili ni neno moja kurudi kila sentensi, hasa “basically”. Ukihisi linakuja, nyamaza kidogo kisha endelea.

“Thank you very much” nayo niiondoe?

Hapana. Huo ni msemo uliokamilika, na ukiukata unabaki na “thank you”, ambayo ni sawa ila ni fupi zaidi kwa mtu aliyekufanyia jambo kubwa. Ukitaka shukrani iwe na uzito, taja alichofanya: “Thank you very much for staying on the call until the transfer went through.”